Hatari na Tahadhari za Harufu ya Ndizi

Maabara ya shule yetu ilikuwa na mabomba mazuri ya shaba, na maji hayakutoka. Kila meza ilikuwa na sinki lake jeupe, na ndani ya kila sinki kulikuwa na vumbi, majani makavu na pengine mjusi. Maji tuliyotumia yaliletwa kwa mkokoteni wa punda kutoka bwawani, yakamiminwa ndani ya pipa lililopandishwa juu ya meza ya mbao, na kutoka kwenye pipa hilo tulivuta mpira mwembamba kila tulipotaka kupooza kitu. Shinyanga ya miaka ya sabini ndivyo ilivyokuwa, na sisi wa kidato cha sita tuliona kuwa ndivyo maabara zote duniani zilivyo.

Mwenzangu wa meza alikuwa msichana wa Kisumbwa kutoka Ushirombo, binti wa wakulima Wakatoliki, mwimbaji wa kwaya. Alikuwa na tabia ya kuimba chinichini wimbo wa misa kila alipopima kitu, na sauti ilikatika pale tu kimiminika kilipofika kwenye mstari. Nilijifunza kujua kipimo kimefika kwa kusikia kimya chake. Mimi ni Msukuma wa upande wa Mwakitolyo. Nyumbani tulikuwa na ng'ombe na mpunga kidogo, na sikuwa nimewahi kukaa karibu na msichana muda mrefu namna ile bila kuwa na undugu naye.

Mwishoni mwa muhula kila jozi ilitakiwa kufanya kazi yake maalumu ya kemia na kuiandikia ripoti. Safari hiyo kulikuwa na jambo zaidi. Mkemia kutoka maabara ya mgodi mmoja angekuja kutazama kazi hizo, na mwanafunzi mmoja angechaguliwa kwenda kufunzwa upimaji wa madini baada ya mtihani. Mwenzangu aliitaka nafasi hiyo kuliko mtu yeyote darasani. Aliniambia sababu mara moja tu, tukiwa tunasugua chupa.

"Kaka zangu wako Rwamgasa wanachimba," alisema. "Wanampelekea mnunuzi dhahabu, yeye anaitazama tu na kusema ni chafu, na wao wanakubali. Nataka niwe mimi ninayepima. Waje waniulize mimi."

"Na wakisema unawapunja?"

"Nitawapunja kwa haki."

Yeye ndiye aliyechagua kazi yetu. Tungechukua alkoholi moja yenye harufu nzito ya kukohoza na asidi ya siki isiyo na maji, tungeongeza asidi kali ya salfuriki kidogo ili kuharakisha mambo, tungevichemsha pamoja, na mwishoni tungepata mafuta mepesi yanayonuka ndizi mbivu. Maelekezo yalikuwa kwenye karatasi ambayo mwalimu wetu alirudi nayo kutoka chuo cha ng'ambo. Yalisema kwamba mchanganyiko ukishapoa, mafuta hayo yavutwe kwa kutumia etha, kisha etha ivukizwe, yabaki yenyewe.

Mwalimu wetu wa kemia alikuwa na kovu lililoshuka kutoka chini ya sikio hadi ndani ya kola ya shati. Hakutueleza alilipataje, ila alikuwa na sheria moja. Hakuna mwanafunzi aliyegusa chupa ya dawa kabla ya kuandika sehemu ya ripoti inayoitwa Hatari na Tahadhari, na yeye kuisoma na kuweka sahihi. Ripoti zilikuwa za Kiingereza, lakini sehemu hiyo alituelezea kwa Kiswahili ili asiwepo wa kusingizia lugha.

"Msininakilie kitabu," alisema. "Kitabu kimeandikwa kwenye chumba kingine. Niandikieni chumba hiki. Nini kinaweza kumdhuru nani, kwa njia gani, na mtafanya nini kabla hakijamdhuru."

Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wake, kwa hiyo tulipatana kwamba yeye aandike hatua za kazi na mimi niandike hatari. Lakini kwa kweli tuliandika pamoja, mchana baada ya mchana, yeye akisema na mimi nikiandika, mimi nikibisha na yeye akifuta. Hizo ndizo siku ninazozikumbuka. Sijui kama kuna mtu mwingine anayetamani kurudi kwenye sehemu ya ripoti inayohusu kuungua. Mimi natamani.

Tulianza na asidi. Niliandika kwamba inakula ngozi na nguo, kwamba tutavaa miwani ya kukinga macho na glavu, kwamba itamiminwa mwisho, tone kwa tone, huku chupa ikitikiswa polepole ndani ya maji baridi, kwa sababu ikiingia kwa pupa mchanganyiko unapata moto ghafla na kuruka.

"Maji baridi ya wapi?" nilimuuliza.

"Ya mtungi. Tutayaacha kivulini tangu jioni. Ninyi Wasukuma mnajua maji ya kunyweshea ng'ombe tu."

"Na ninyi mnajua maji ya baraka tu."

"Basi ukiunguzwa usije kwangu kuomba."

Kisha nikaandika, kama kitabu kilivyosema, kwamba asidi ikimrukia mtu machoni aoshwe papo hapo kwa maji mengi ya bomba yanayotiririka. Aliiweka kalamu yake juu ya sentensi hiyo na kunitazama.

"Bomba gani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alisimama, akaenda hadi kwenye sinki, akafungua bomba, na tukasikiliza wote wawili jinsi lilivyopumua hewa. Tukafuta. Mahali pake tuliandika kwamba kutakuwa na ndoo mbili zilizojaa, zenye mifuniko, pembeni mwa meza, na kikombe juu ya kila moja, na kwamba ndoo hizo haziguswi kwa kunywa, kunawa wala kupoozea chombo. Maji ya kupoozea yangetoka kwenye pipa peke yake. Tuliongeza kwamba mmoja wetu akifanya kazi mwingine amesimama karibu na ndoo, kwa sababu mtu mwenye asidi jichoni haoni ndoo ilipo. Hilo lilikuwa wazo langu, na aliposema, "Hapo umefikiri," nilitembea nalo juma zima.

Moto ulikuja baadaye. Alkoholi yetu ilishika moto kwa urahisi, na jiko tulilokuwa nalo ni la mafuta ya taa, la kupampu. Tukaandika kwamba chupa itakaa ndani ya sufuria ya mchanga juu ya jiko, na bomba la kioo la kupoozea limefungwa juu yake ili mvuke urudi ndani usitoke chumbani, na kwamba kama maji ya pipa yakipungua, jiko linazimwa kwanza ndipo watu wanatafuta maji. Ndoo ya mchanga mkavu ingekuwa karibu, na blanketi la bweni lililochakaa.

Etha ndiyo iliyotusumbua. Etha inachemka kwenye nyuzi thelathini na tano hivi, na maabara yetu, chini ya bati lile, mwezi wa Oktoba mchana, ilizifikia nyuzi hizo bila kuwashwa chochote. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Haupandi kama moshi, unashuka kutoka mezani na kutambaa sakafuni kama maji yasiyoonekana, na ukikutana na moto hata upande wa pili wa chumba, moto unarudi nao hadi kwenye chupa. Tuliandika kwamba etha itafunguliwa asubuhi mapema, madirisha na mlango vikiwa wazi, jiko likiwa limezimwa na limepoa, na hakuna mtu mwenye sigara wala kiberiti.

"Na mpaka asubuhi hiyo itakaa wapi?" aliuliza.

"Ilipo sasa. Kwenye friji."

"Andika hivyo. Mahali pa baridi."

Nikaandika. Tulisoma ukurasa wote mara moja zaidi na wote wawili tukaridhika.

Jumamosi iliyofuata mwenzangu alikwenda mjini na kwaya. Mwalimu alikuwa ametaka karatasi zetu siku hiyo, kabla ya chakula cha jioni. Mchana nilikwenda maabara peke yangu kutazama kama etha iliyobaki ingetosha, ili niandike kiasi chake.

Asiyewahi kuishi na friji ya mafuta ya taa anaweza kudhani namtania, lakini friji ile ilipata baridi kutokana na moto. Chini kabisa, karibu na sakafu, kulikuwa na tangi la mafuta na utambi, na juu ya utambi ulimi wa moto wa bluu uliowaka mchana na usiku. Bila moto hakuna baridi. Tulikuwa nayo maabara kwa sababu zahanati ya shule ilikuwa na joto zaidi, na ndani yake kulikaa chanjo za watoto wa walimu na dawa ya sumu ya nyoka. Kila mtu shuleni alijua kwamba friji ile haizimwi. Na kwa kuwa haizimwi, hakuna aliyeihesabu kuwa ni moto. Ukitamka moto, tulifikiria jiko na kiberiti. Friji tuliihesabu upande wa baridi.

Nilifungua mlango, nikaiona chupa ya etha imesimama kati ya visanduku vya chanjo, na nilipoinama kusoma lebo yake niliona kwenye kioo kidogo kilichowekwa chini, cha kutazamia utambi, ule ulimi wa bluu. Nilibaki nimeinama. Kisha nilifunga mlango taratibu kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Nilifungua madirisha yote, nikatoka nje, nikarudi, nikaichukua chupa na kwenda kuifukia hadi shingoni kwenye debe la mchanga wenye unyevu katika stoo ya nje, yenye matundu ya hewa na isiyo na taa. Ilikuwa imekaa kwenye friji ile tangu darasa lililotutangulia.

Hadi hapo nilifanya vema, na nisingeona vibaya kusimulia tu hadi hapo.

Niliketi kwenye meza yetu nikaandika upya. Niliandika juu ya friji, juu ya moto wake usiozimika, juu ya chanjo zisizoweza kuhamishwa, juu ya mvuke unaotambaa. Yote yalikuwa kweli. Na chini yake niliandika hitimisho: kwamba kwa sababu hizo etha haiwezi kufunguliwa katika maabara hii, na hivyo kazi hii isifanyike.

Ningeweza kumngoja. Kwaya ingerudi Jumapili jioni, na mwalimu angenipa siku hiyo moja kama ningeiomba. Sikuomba. Nilifurahi kuwa wa kwanza kuona kitu ambacho yeye hakukiona, hilo ni moja. Na lipo la pili, ambalo sikulifikiria kwa maneno wakati ule lakini lilikuwepo, limekaa kimya kama yule mjusi wa kwenye sinki. Kama kazi yetu ingefanikiwa angekwenda mgodini. Kama isingefanyika, baada ya mtihani angepangiwa mahali pamoja na sisi wengine, na huenda ningekuwa karibu.

Mwalimu aliisoma akiwa amesimama mlangoni pa nyumba yake. Alipofika kwenye friji aliacha kusoma, akashika kovu lake.

"Mimi mwenyewe ndiye niliyeiweka humo," alisema. "Umeona vizuri kuliko mimi. Iko wapi sasa?"

Nikamweleza.

"Na hili hitimisho, mmekubaliana na mwenzako?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Jumatatu asubuhi orodha ya kazi zitakazoonyeshwa kwa mgeni ilikuwa imebandikwa mlangoni, na yetu haikuwemo. Meza yetu, jiko na nafasi kwenye pipa walipewa wavulana wawili waliokuwa wanatengeneza sabuni kwa mafuta ya mbegu za pamba. Mwenzangu alinikuta nyuma ya maabara.

"Shikamoo, mwenye shule," alisema. Tulikuwa rika moja. Hakuwa akiniamkia.

"Nilitaka kukueleza."

"Nieleze sasa. Friji ina moto. Hilo nimelisoma kwa mwalimu, na ni kweli, na nimetetemeka kama ulivyotetemeka. Halafu?"

"Halafu etha haifunguliki."

"Haifunguliki. Halafu?"

Alikaa kwenye ngazi, akachukua kijiti na kuchora ardhini chombo cha kutenganishia, kile chenye umbo la pea na koki chini.

"Etha ni ya nini?" aliuliza.

"Ya kuvuta mafuta kutoka kwenye maji."

"Mafuta yakiwa kidogo. Yetu si kidogo. Mafuta ya ndizi hayapendi maji, na ni mepesi kuliko maji. Ukiyamwagia maji yatapanda juu yenyewe. Ukitaka yapande zaidi, tia chumvi kwenye maji. Chumvi ya Uvinza ipo jikoni kwa mpishi, gunia zima. Unafungua koki, maji yenye asidi yanatoka chini, mafuta yanabaki. Unayaosha tena kwa maji ya baikaboneti mpaka yaache kutoa povu, unaacha hewa itoke kila unapotikisa. Tungepoteza kidogo yatakayoshika kwenye kioo. Kidogo tu." Alikifuta kile chombo kwa kiatu. "Etha yenyewe haikuhitajika. Uliandika hatari, ukasahau kuuliza kama tunaihitaji."

"Twende kwa Mwalimu."

"Nimetoka huko."

Mwalimu alikuwa amemsikiliza hadi mwisho na kumwambia kwamba yuko sahihi, na kwamba kama angemletea hayo Jumamosi, yeye angetia sahihi papo hapo. Lakini orodha ilikuwa imekwenda mgodini kwa lori la asubuhi, na meza zilikuwa zimejaa, na mgeni alikuwa njiani.

Mgeni alikuja, akanusa sabuni ya pamba, akaosha nayo mikono katika beseni huku watu wakimpigia makofi, na akamchagua mmoja wa wale wavulana. Mwenzangu alisimama safu ya nyuma na wanakwaya na kuimba wimbo wa kumuaga mgeni. Sauti yake haikukatika popote.

Baada ya hapo tulikwenda jeshini kama vijana wote wa wakati ule, kisha wizara ikatupanga. Yeye alipelekwa chuo cha ualimu upande wa kusini na mimi nikawa karani wa vipimo katika chama cha wakulima wa pamba huku huku Shinyanga. Nimeoa, nimezaa, nimezika. Nilisikia alifundisha kemia miaka mingi. Mara moja, nikiwa Kharumwa kwa shughuli za mizani, nilikutana na kijana aliyefundishwa naye. Aliniambia kwamba mwalimu wao alikuwa akiwaandikisha hatari za kila jaribio hata kama ni la kuchemsha maji, na kwamba mwisho wa ukurasa lazima waandike watafanya nini, la sivyo aliwarudishia. Nilimuuliza habari za kaka zake wachimbaji, akasema hawajui.

Lakini kabla ya kuachana, wiki za mwisho pale shuleni, Mwalimu alituruhusu kuifanya kazi ile kwa ajili yetu wenyewe. Nilidhani mwenzangu angekataa kufanya na mimi. Alikuja. Alikaa na mimi, tukaandika upya ile sehemu, safari hii yeye ameshika kalamu, na alipofika kwenye etha aliandika: haitumiki. Alkoholi ilibaki na hatari yake, kwa hiyo aliandika pia kwamba friji iko upande wa pili wa chumba na chupa yetu itafunguliwa kwenye dirisha la upande huu, kidogo kidogo, na kufungwa mara moja.

Tulifanya asubuhi, bati halijaanza kulia kwa joto. Alimimina asidi huku akiimba chinichini, nikasimama penye ndoo kama ilivyoandikwa. Mchanganyiko ulichemka ndani ya mchanga kwa utulivu, matone yakirudi chini kutoka kwenye bomba la kupoozea moja baada ya jingine. Tulizima jiko, tukangoja vipoe, tukamwaga maji ya chumvi, na yale mafuta yakapanda juu, angavu, kama alivyochora ardhini. Harufu ilijaa maabara hata mzee wa stoo akaja mlangoni kuuliza nani ameleta ndizi na kwa nini hakualikwa.

Alicheka, mwenzangu, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kisha, akiwa amenipa mgongo, ameinama juu ya beseni la kuoshea, aliuliza:

"Kwa nini hukuningoja?"

"Mwalimu alizitaka Jumamosi," nilisema.

Ilikuwa kweli, na haikuwa jibu. Nilikuwa na jibu jingine mdomoni, lenye sababu zote mbili, na kama ningelisema pengine angenichukia, au pengine angejua kitu ambacho nilitaka ajue. Alingoja kidogo. Maji ya beseni yalikuwa machache, alikuwa akiyatumia kwa uangalifu, chombo kimoja kwanza halafu kingine. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, ili nimpe chupa inayofuata.

Nikampa. Zilikuwa zimebaki chache, nami nikawa ninampa taratibu.